Kware 20, kizimba kimoja, na taa inayowaka saa 9 usiku

Kware wa Kijapani ndiye anayefugwa kwa ajili ya mayai. Jike huanza kutaga akiwa na umri wa wiki 6 hadi 8, na yai lake lina uzito wa gramu 10 hadi 12. Akipata anachohitaji, hutaga karibu kila siku kwa miezi mingi mfululizo. Wafugaji wengi wanaoanza huweka akili yote kwenye chakula na kizimba, kisha mayai yakipungua wanabadilisha chakula. Mimi nilifanya hivyohivyo na nikapoteza wiki 3. Ndiyo maana mwongozo huu unapita kwenye kizimba na chakula, lakini unatua zaidi kwenye mwanga.

Mfano nitakaoutumia ni wa majike 20 kwenye kizimba kimoja. Ni idadi ambayo mtu mmoja anaihudumia kwa muda mfupi asubuhi na jioni, na hesabu zake ni rahisi kuzizidisha ukitaka kuongeza. Kabla ya kununua ndege, ulizia kwa afisa mifugo, kwa sababu ziko nchi ambazo kware anahesabiwa kuwa ndege wa porini na kumfuga kunahitaji kibali.

Hatua ya 1: Tengeneza kizimba kifupi

Kizimba cha ndege 20 kiwe na urefu wa sentimita 100 na kina cha sentimita 50. Hapo kila ndege anapata sentimita za mraba 250. Wapo wanaowabana zaidi ya hapo, na mayai hutoka, lakini kudonoana huanza mapema na ndege mnyonge hafiki kwenye chakula.

Kimo ndicho watu hukikosea. Kware akishtuka haruki kwa kupaa polepole, bali anafyatuka wima kama risasi. Kizimba chenye kimo cha nusu mita kinampa nafasi ya kupata kasi kabla ya kugonga paa, na utakuta ngozi ya kichwa imechanika au shingo imevunjika. Weka kimo cha sentimita 22 hadi 25. Akiruka atagonga kabla hajapata nguvu ya kujiumiza. Kama tayari una kizimba kirefu, ninginiza kitambaa laini au wavu wa plastiki uliolegea chini ya paa.

Sakafu iwe ya wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, yaani takriban sentimita 1.25, na usizidi hapo. Kinyesi kitapita na mguu hautazama. Iinamishe kuelekea mbele, upande wa nyuma uwe juu kwa sentimita 5 hivi kuliko mbele, ili yai likitagwa libingirike lenyewe hadi kwenye kingo iliyokunjwa nje ya kizimba. Acha upenyo wa sentimita 3 tu chini ya ukuta wa mbele. Yai litapita, ndege mzima hatapita. Mteremko ukiwa mkali zaidi, mayai hugongana na kupasuka, na ndege husimama kwa taabu siku nzima.

Wavu mtupu unachosha miguu. Weka kipande cha ubao laini au plastiki ngumu upande mmoja wa nyuma, kama robo ya sakafu, wapumzike hapo, na ukisafishe kila siku. Kagua nyayo mara moja kwa wiki. Uvimbe mgumu wenye kidonda cheusi chini ya mguu unamaanisha wavu una ncha kali au sakafu ni chafu.

Chini ya wavu weka trei ya kinyesi na uimwage kila siku 1 au 2. Kipimo changu cha hewa ni hiki: inama hadi uso wako ulingane na wa ndege, uvute pumzi. Macho yakiwasha, umechelewa kusafisha. Wewe umesimama juu, ile harufu kali ya kinyesi inawafikia wao kabla yako.

Weka kizimba mahali pasipo na upepo wa moja kwa moja, pasipopigwa na jua la mchana, na juu ya stendi ambayo panya hawezi kuipanda. Panya hula chakula na mayai, na hata asipomgusa ndege, purukushani zake za usiku huwafanya waruke gizani.

Hatua ya 2: Chagua majike, na majike tu

Yai la kula halihitaji dume. Jike hutaga vilevile bila yeye, na dume ndani ya kizimba cha mayai huleta fujo, migongo iliyonyofolewa manyoya na ulaji wa chakula bila faida. Ukitaka vifaranga, weka dume 1 kwa majike 3 au 4 kwenye kizimba chao cha pembeni, na uwe na mashine ya kutotoleshea, kwa kuwa kware hawa wa kufugwa kwa kawaida hawaatamii mayai yao.

Nunua ndege wa wiki 5 hivi. Kwa umri huo, kwa kware wa rangi ya kawaida ya kahawia, jinsia inaonekana kifuani. Jike ana kifua cheupe chenye kuelekea rangi ya krimu, kikiwa na madoadoa meusi. Dume ana kifua cha rangi ya kutu kisicho na madoa. Kwa kware weupe au weusi alama hii haipo; hapo msubiri akomae, kisha bonyeza taratibu juu ya tundu la nyuma. Dume hutoa povu jeupe, jike hatoi.

Hatua ya 3: Chakula chenye protini ya kutosha

Kware mzima hula gramu 20 hadi 25 kwa siku. Kwa majike 20 weka hesabu ya nusu kilo kwa siku, kilo 15 kwa mwezi, na uongeze kidogo kwa kinachomwagika.

Chakula cha kuku wa mayai kinacholiwa peke yake hakitoshi. Kina protini ya asilimia 16 au 17, na kware anayetaga anahitaji kama 19 au 20. Lakini usikitupe, maana chokaa yake imeshapimwa kwa ajili ya ndege anayetaga. Kinachokosekana ni protini tu, nayo unaiongeza hivi: chukua kilo 9 za chakula cha kuku wa mayai cha unga, changanya na kilo 1 ya mashudu ya soya. Mashudu ya soya huwa na protini ya asilimia 44 hivi. Kilo 9 zenye asilimia 16.5 zinatoa protini kilo 1.485, ile kilo 1 ya soya inatoa kilo 0.44. Jumla ni kilo 1.925 ndani ya kilo 10, yaani asilimia 19 na ushee. Soya iwe imepikwa au kukaangwa kiwandani. Soya mbichi ina kitu kinachozuia umeng'enyaji wa protini, na ndege atakula ashibe huku akipungua.

Wako wanaowapa kware wanaotaga chakula cha vifaranga vya kuku kwa sababu protini yake iko juu. Kina matatizo mawili. Chokaa ni ndogo, hivyo maganda huwa laini. La pili ni zito zaidi: vyakula vingi vya vifaranga vina dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo, na baadhi ya dawa hizo huingia kwenye yai ambalo mtu atalila. Soma lebo. Kwa vifaranga wa kware ambao hawajaanza kutaga chakula hicho ni kizuri, lakini kiondoe kabla yai la kwanza halijaonekana.

Pamoja na mchanganyiko ule, weka kisahani cha maganda ya kombe au chokaa ya mifugo iliyosagwa kwa chengachenga. Jike anayehitaji atadonoa, asiyehitaji ataacha. Nafaka nzima na mboga visizidi konzi moja kwa kizimba kizima, kwa kuwa zinajaza tumbo na kupunguza kile ulichopima.

Kihori kiwe nje ya kizimba na ndege atoe kichwa kula, kwa urefu wa sentimita 2.5 kwa kila ndege, yaani nusu mita kwa hawa 20. Kijaze theluthi moja tu. Kware huzungusha kichwa na kufagia unga pembeni, na kihori kilichojaa hadi juu humwaga chakula kingi chini. Kama kinyesi kwenye trei kina unga mkavu juu yake, unalisha trei.

Maji hayatakiwi kukatika hata kwa saa chache. Siku moja ya kiu huonekana kwenye hesabu ya mayai kwa siku nyingi baadaye. Chuchu za kunyweshea ni safi kuliko vikombe, ila ziguse moja moja kila asubuhi uone zinatoa tone.

Hatua ya 4: Mwanga

Jike wa kware hatagi kwa sababu ameshiba tu. Anataga kwa sababu mwili wake umeambiwa kwamba siku ni ndefu. Ndani ya ubongo wake, mbali na macho, kuna chembe zinazohisi mwanga unaopenya fuvu. Siku ikiwa ndefu zinaamsha homoni zinazokuza mayai tumboni. Siku ikifupika zinanyamaza, na kiwanda kizima kinafungwa, hata kihori kikiwa kimejaa. Kware anaitikia mabadiliko haya haraka kuliko kuku.

Anahitaji saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku. Karibu na Ikweta jua linatoa kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo pengo la saa 2 hadi 4 lazima ulizibe kwa taa. Ukiwa mbali na Ikweta, pengo linabadilika kwa majira, lakini jumla unayoilenga ni ileile. Mimi nasimamia saa 15.

Tuseme kunapambazuka saa 12 asubuhi na giza linaingia saa 12 jioni. Taa iwake saa 9 usiku na izime saa 1 asubuhi, kukiwa tayari kweupe. Hizo ni saa 15. Ninaongeza asubuhi badala ya jioni kwa sababu mbili. Taa ikizimika ghafla usiku, ndege wanaachwa gizani wakiwa wametawanyika, wengine wakiwa na njaa, na kuna kurukaruka. Jua linapozama lenyewe wanaona giza likija, wanakula mlo wa mwisho, wanatulia. Sababu ya pili ni saa ya kutaga. Kuku hutaga asubuhi, lakini kware hutaga saa nyingi baada ya mwanga kuwaka, wengi wao mchana hadi jioni. Siku yao ikianza mapema, mayai mengi huwa yametoka kabla ya giza, na ukikusanya saa 12 jioni hutayaacha yalale nje kwa panya.

Hili linakupa pia saa ya kuogea. Kware hupenda kujigaragaza kwenye mchanga mkavu, na hupunguza utitiri kwa njia hiyo. Mpe sinia la mchanga asubuhi kwa saa moja, kisha uliondoe. Ukiliacha hadi mchana watataga humo na kuyafukia.

Balbu moja ya wati 3 hadi 5 yenye mwanga wa njano inatosha kizimba kimoja. Mwanga wa rangi ya joto, wenye kuelekea nyekundu, hupenya fuvu vizuri kuliko wa buluu, basi usinunue ile nyeupe inayoelekea buluu. Kipimo cha ukali ni gazeti: lishike kwenye kihori cha kona ya mbali zaidi. Ukisoma maandishi ya kawaida bila taabu, mwanga unatosha. Usiongeze zaidi, kwa kuwa mwanga mkali huwafanya wadonoane. Ukiwa na vizimba vya ghorofa, pima kile cha chini, maana kivuli cha trei humfanya jike wa chini aishi siku fupi ndani ya chumba kilekile.

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote: anayetaga hapunguziwi mwanga. Kama umeme wako hauaminiki, bora umpe saa 14 kwa taa ya sola kila siku bila kukosa kuliko 16 leo na 12 kesho.

Kwa ndege wachanga mambo ni kinyume. Baada ya kuondoka kwenye joto la kulelea, wape mwanga wa saa 12 tu hadi wafike wiki 6, halafu ongeza saa moja kila wiki hadi 15. Ukiwakimbiza mapema, wanataga kabla nyonga hazijapanuka: mayai madogo, na wengine kizazi hutoka nje pamoja na yai.

Jinsi taima ilivyonidanganya

Majike wangu 20 walikuwa wakitoa mayai 16 au 17 kwa siku, ambayo ni asilimia 80 hadi 85, kiwango kizuri. Kisha ikaja 14. Wiki iliyofuata 11. Nikaamini chakula kimeharibika, nikabadilisha mchanganyiko siku moja, na mabadiliko yale ya ghafla yakawaongezea msukosuko. Mayai yakashuka hadi 6, na manyoya yakaanza kuonekana kwenye trei.

Kila siku nilikuwa naingia saa 2 na nusu asubuhi. Siku zile niliikuta taa inawaka, nikaridhika. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu taa iliyopangwa kuzima saa 1 haikupaswa kuwa inawaka saa 2 na nusu. Taima yangu ni ile ya kuzunguka, inayoendeshwa na umeme uleule wa ukutani. Umeme ukikatika saa moja, nayo inasimama saa moja. Mwezi ule umeme ulikatika mara kadhaa, na jumla ya saa zilizopotea zilifika 5. Taa iliyokuwa iwake saa 9 usiku ikawa inawaka saa 2 asubuhi na kuzima saa 6 mchana. Ilikuwa inaangaza juani. Kware wangu walikuwa wamerudi kwenye siku ya saa 12 bila mimi kujua, na kwa kuwa saa zile zilipotea kidogo kidogo, mayai nayo yalipungua kidogo kidogo, jinsi yanavyopungua pale chakula kinapokuwa kibaya.

Niligundua siku niliyoamka saa 10 alfajiri na kukuta chumba ni giza. Nilirekebisha taima, nikarudisha chakula cha awali, nikasubiri. Karibu wiki nzima hapakuwa na tofauti yoyote. Kisha yakaja mayai 9, halafu 12, na mwisho wa wiki ya tatu nilikuwa na 15. Majike wawili waliokuwa wamenyonyoka zaidi walichelewa kurudi.

Sasa natumia taima yenye betri ndani, na mara moja kwa wiki naingia kabla ya mapambazuko kuona kwa macho yangu. Mwenye taima ya kuzunguka anaweza kulinganisha saa yake na ya simu baada ya kila katizo la umeme.

Kusoma daftari

Andika idadi ya mayai kila jioni. Kwa majike 20, siku moja ya mayai 13 si kitu. Siku tatu mfululizo chini ya 13 ni dalili, na mimi huanza na vile vinavyokaguliwa haraka: maji, saa ya taa, kihori, joto la chumba. Likizidi nyuzi 30 ndege hula kidogo, ganda huwa jembamba, na dawa yake ni hewa zaidi na maji baridi, si chakula kingine.

Ganda likiwa laini kwa mayai kadhaa huku idadi ikiwa palepale, tazama chokaa. Yai jeupe lisilo na madoa, kutoka kwa jike ambaye kawaida hutoa ya madoadoa, mara nyingi ni la jike aliyeshtuliwa na kutaga kabla rangi haijapakwa. Tafuta paka au panya. Kinyesi chenye damu, au cha majimaji pamoja na ndege aliyejikunyata, ni jambo la daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na mgonjwa atengwe kabla daktari hajafika.

Uzee nao una mchoro wake kwenye daftari. Hushuka taratibu, kuanzia karibu mwaka mmoja wa umri, bila kosa lolote la taa au chakula. Ninapoona wastani wa mwezi umeshuka chini ya mayai 12 kwa majike 20, kundi jipya huwa tayari lina wiki 5 kwenye kizimba chao wenyewe. Sichanganyi wageni na wenyeji. Ukiwachanganya, wenyeji huwadonoa vichwani hadi damu, na mayai ya pande zote mbili hukatika kwa siku kadhaa.